Rekodi ya kikao cha mishahara: njia tatu za kupata madai, ofa na hoja zilizobaki wazi

Kikao cha mishahara kimechukua saa tatu. Kinasa sauti kiliwekwa katikati ya meza kwa ridhaa ya pande zote mbili, na sasa kuna faili moja ndefu. Chama cha wafanyakazi na menejimenti wanataka karatasi moja inayoonyesha chama kinadai nini, menejimenti imetoa ofa gani, na nini hakijamalizika. Kikao kijacho ni keshokutwa. Katibu ameambiwa aandae, na swali la kwanza ni aanzie wapi.

Kuna njia tatu zinazotumika. Ya kwanza ni kunukuu rekodi nzima neno kwa neno, kisha kuchambua maandishi. Ya pili ni kusikiliza huku unajaza jedwali la hoja moja kwa moja, bila nakala kamili. Ya tatu ni kuanza na madaftari ya watu waliokuwemo chumbani, na kuirudia rekodi pale tu penye mashaka. Hakuna iliyo bora kwa kila kikao.

Vigezo

Kigezo kizito kuliko vyote ni hadhi ya kauli. Kusikia namba si kazi ngumu. Kazi ni kujua namba hiyo ilisemwa kama nini: dai, ofa, ofa yenye sharti, dokezo la kupima upepo, au kauli iliyotolewa na kurudishwa dakika hiyo hiyo. Migogoro mingi juu ya kumbukumbu za vikao haitokani na namba iliyokosewa. Inatokana na dokezo lililoandikwa kama ofa.

Vigezo vingine ni vitatu. Kuna muda, yaani saa ngapi za kazi kwa kila saa ya rekodi. Kuna uhakiki: upande usioridhika na mstari fulani unaweza kuonyeshwa mahali pake kwenye rekodi kwa haraka? Na kuna usiri, kwa sababu karatasi inayobaki baada ya kazi inaweza kufika mikononi mwa mtu asiyehusika.

Dakika tatu za kupimia

Ili njia zote zipimwe kwa kipimo kimoja, tuchukue kipande kifupi cha mfano. Alama za muda ni dakika na sekunde tangu kinasa sauti kiwashwe.

41:20, msemaji wa chama: «Dai letu la asilimia 12 kwenye mshahara wa msingi liko pale pale.»

42:11, msemaji wa menejimenti: «Tulisema 5. Leo tunaweza kwenda 7, lakini posho ya nyumba ibaki ilivyo.»

42:40, msemaji wa chama: «Sawa. Hiyo tumeisikia. Na zamu ya usiku?»

43:05, mhasibu wa menejimenti: «Hiyo tungeiangalia, labda posho iwe 10 badala ya 8, ianzie saa mbili.»

43:30, msemaji wa menejimenti: «Hilo bado hatujalileta mezani.»

44:02, msemaji wa chama: «Nyumba tulishasema iongezwe 15. Tukishuka, tutashuka mkitupa malimbikizo tangu mwezi wa kwanza.»

Kipande hiki kikichambuliwa vizuri, kinatoa jedwali hili:

| Hoja | Chama | Menejimenti | Hali | Muda |
|---|---|---|---|---|
| Mshahara wa msingi | Dai: nyongeza ya 12% | Ofa yenye sharti: 7%, posho ya nyumba ikibaki ilivyo (K1) | Wazi | 41:20, 42:11 |
| Posho ya nyumba | Dai: nyongeza ya 15%, dokezo la kushuka, bila namba, malimbikizo yakilipwa (K2) | Ibaki ilivyo (K1) | Wazi | 42:11, 44:02 |
| Posho ya zamu ya usiku | Imeulizwa, namba haijatajwa | Hakuna ofa. Kauli ya 43:05 haikuthibitishwa na msemaji | Wazi | 42:40–43:30 |
| Malimbikizo | Yalipwe tangu mwezi wa kwanza (K2) | Haijajibu | Wazi | 44:02 |

Angalia mambo manne. «Sawa» ya 42:40 haimo popote, kwa kuwa mezani «sawa» huwa na maana ya «nimekusikia, endelea». Mtu anayekubali husema «tunakubali» na kutaja anachokikubali. Asilimia 10 ya mhasibu haimo kwenye safu ya ofa, kwa sababu ilisemwa kwa «-nge-» na «labda», na msemaji aliirudisha sekunde 25 baadaye. Alama K1 na K2 zinafunga vifurushi: 7% na posho ya nyumba ni kitu kimoja, huwezi kuchukua nusu ukaacha nusu.

La nne halionekani kwenye jedwali kabisa. Chama kikikataa sharti la posho, je, menejimenti inarudi kwenye 5%, au 7% inabaki? Hakuna aliyeuliza. Hiyo nayo ni hoja wazi, tena ndiyo inayofaa kuulizwa kwanza kikao kijacho, na mwandishi mzuri huiweka chini ya jedwali kama swali.

Njia ya kwanza: kunukuu yote, kisha kuchambua

Kwa upande wa hadhi ya kauli, nakala kamili ina nguvu moja kubwa: inahifadhi kitenzi kama kilivyotamkwa. «Tungeiangalia» inabaki «tungeiangalia», haigeuki «wataiangalia» kwenye kichwa cha mwandishi. Katika Kiswahili tofauti kati ya «tunaongeza», «tutaongeza», «tungeongeza» na «tukiongeza» imo ndani ya silabi moja, na silabi hiyo ndiyo inayotenganisha ofa na ndoto. Vivyo hivyo «tunakubali» na «tunakubaliana». La pili linaweza kuwa la pande zote mbili au la watu wa upande mmoja wanaoafikiana wao kwa wao, na ni sentensi za jirani tu zinazoonyesha ni lipi.

Lakini nakala ina mtego wake, nao ni alama za uandishi. Rekodi haina nukta wala mkato. Mnukuzi akiandika «Sawa. Hiyo tumeisikia», msomaji anaona makubaliano yanayofuatwa na maelezo. Akiandika «Sawa, hiyo tumeisikia», anaona kupokea taarifa tu. Sauti ni ile ile, nukta moja imezaa ridhaa. Kwa hiyo mnukuzi aambiwe mapema: penye «sawa», «haya», «ndiyo» na «mhm», aandike neno na urefu wa kimya kinachofuata, asiamue maana. Tatizo la pili ni nani kasema. Meza ya watu kumi na wawili yenye kinasa sauti kimoja huchanganya sauti, na mhasibu akiandikwa kama msemaji, ile 10% inageuka ofa rasmi. Dawa ni kila mjumbe kutaja jina na upande wake mwanzoni mwa rekodi, ili mnukuzi awe na sampuli ya sauti ya kurudia.

Muda ndio unaoiumiza njia hii. Saa moja ya sauti safi ya mtu mmoja huchukua mnukuzi mzoefu takriban saa nne. Meza yenye watu wanaoingiliana hupandisha hadi saa sita au nane. Rekodi ya saa tatu, basi, ni siku mbili hadi tatu za kazi, na uchambuzi bado haujaanza. Ukiwa na kikao keshokutwa, nakala itafika ikiwa historia.

Uhakiki ni mzuri sana, mradi kila ukurasa una alama ya muda angalau kila dakika. Usiri ni hafifu. Nakala inabeba kila kitu, pamoja na kejeli ya dakika ya 70 ambayo wote wawili wangependa isahaulike. Ukurasa mmoja ukitoka nje bila kurasa zinazouzunguka, unaweza kuharibu kikao kinachofuata.

Njia ya pili: kujaza jedwali ukisikiliza

Hapa huandiki mazungumzo. Unaandaa jedwali lenye safu tano kama lile la juu, unajaza hoja kutoka barua ya madai ya chama na majibu ya maandishi ya menejimenti, kisha unasikiliza mara mbili. Mara ya kwanza unaacha rekodi itembee na kuweka alama tu kila hoja inapobadilika na kila namba inapotajwa. Mara ya pili unarudi kwenye alama hizo na kuandika. Mtu aliyezoea hutumia mara mbili hadi tatu ya urefu wa rekodi, yaani kikao cha saa tatu kinakamilika kwa siku moja.

Programu ya Audacity inatosha kwa kazi hii. Rekodi ikiwa inacheza, `Ctrl+M` huweka alama mahali ulipofika, unaandika maneno machache na kuendelea. Alama zote zinaweza kutolewa kama faili la maandishi, ambalo muda wake umo katika sekunde:

```
2480.0	2480.0	C DAI mshahara 12
2531.0	2531.0	M OFA mshahara 7 SHARTI nyumba K1
2585.0	2585.0	M? usiku 10, angalia mbele
```

Sekunde 2531 ni dakika ya 42 na sekunde 11. Mtu asitumie sekunde hizo kwenye karatasi ya mwisho, kwani wajumbe hawatagawanya kwa 60 wakiwa mezani.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba jedwali linakuja na matarajio. Ukishasikia «usiku, 10», mkono unajaza kisanduku kilichokuwa kitupu na akili inahamia hoja nyingine, ndipo sekunde 25 baadaye msemaji anairudisha na wewe hukusikia. Kosa hili ni la kawaida mno kiasi kwamba linastahili kanuni yake: kila namba mpya isikilizwe kwa dakika mbili mbele kabla haijaandikwa chochote kwenye safu ya hali. Alama ya kuuliza katika mstari wa tatu hapo juu ndiyo kazi yake.

Kosa la pili ni kuvunja vifurushi. Jedwali lina mstari wa mshahara na mstari wa posho, kwa hiyo 7% inakwenda mstari wake na «ibaki ilivyo» mstari wake, na lile «lakini» lililoziunganisha linapotea. Wiki mbili baadaye chama kinasema kwa nia njema kabisa kwamba menejimenti ilishatoa 7%. Kila neno la sharti («lakini», «mradi», «ila», «ikiwa») lipewe alama ya kifurushi kwenye kila mstari linaougusa.

Uhakiki ni wa haraka, pengine kuliko njia zote: mjumbe anaonyesha mstari, unabofya muda, mnasikiliza sekunde thelathini, mmemaliza. Usiri nao ni mzuri, maana karatasi ina misimamo bila maneno ya watu. Kinachokosekana ni sababu. Kama kesho mtu atauliza menejimenti ilieleza nini kuhusu 7%, jedwali limenyamaza.

Njia ya tatu: madaftari kwanza, rekodi kwa uhakiki

Kila upande huwa na mtu anayeandika kikaoni. Njia hii inakutanisha waandishi hao wawili, kila mmoja na daftari lake, wakisoma hoja kwa hoja. Wanapokubaliana, wanaandika na kwenda mbele. Wanapotofautiana, wanafungua rekodi.

Faida yake haipatikani popote pengine, kwa kuwa waliokuwepo waliona. Dakika ya 43:05 mwandishi wa menejimenti alimwona msemaji wake akitikisa kichwa kabla mhasibu hajamaliza sentensi, na mwandishi wa chama alijua kwamba «sawa» ya mwenzake ndivyo anavyoongea siku zote. Hadhi ya kauli inapatikana bila kubishana. Muda nao ni mdogo: kikao cha saa tatu kinaweza kumalizwa kwa saa mbili, kama madaftari yameandikwa vizuri na watu hawa wawili wanaaminiana.

Hapo kwenye kuaminiana ndipo penye shida. Na kuna hatari ya kimya zaidi: jambo ambalo madaftari yote mawili yameliruka halitahakikiwa kamwe, kwa sababu hakuna tofauti ya kuwatuma kwenye rekodi. Masharti ndiyo yanayorukwa zaidi. Mtu anayeandika haraka huandika «7» na kupumzisha kalamu, na upande wa pili hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo kanuni ya njia hii ni kwamba kila namba isikilizwe kwenye rekodi hata kama madaftari yanakubaliana. Namba kwenye kikao cha saa tatu si nyingi kiasi cha kuchosha.

Jambo la kiufundi linalowapotezea watu nusu siku ni saa. Madaftari yanaandika saa ya ukutani, rekodi inahesabu kutoka sifuri. Mwanzoni mwa kikao mtu aseme kwa sauti, «Sasa ni saa 3:12 asubuhi, tunaanza», na aseme tena baada ya kila mapumziko, kwani kinasa sauti kikizimwa hesabu zote mbili zinaachana. Hapo dakika ya 41:20 ya rekodi inakuwa saa 3:53 kwenye daftari. Kwa sababu hiyo hiyo, «ianzie saa mbili» ya mhasibu iandikwe «saa 2 usiku, yaani 20:00». Anayesoma kwa mfumo wa saa 24 anaweza kuona 02:00, na zamu ya usiku ikapungua kwa saa sita.

Uhakiki unategemea nidhamu ya kuweka alama za muda, ambayo waandishi wa madaftari mara nyingi hawana. Usiri ni mzuri kwa karatasi ya pamoja, ila madaftari yenyewe yana maoni ya kila upande kuhusu mwenzake, na hayafai kuambatanishwa.

Yanayozisumbua zote tatu

Rekodi si kikao kizima. Ukiona ofa imekaa kwenye 5% saa nzima, halafu baada ya mapumziko ya chai inafunguliwa kwa 7% bila maelezo, kuna mazungumzo yalifanyika ukumbini. Usijaribu kuyajaza kwa kukisia. Andika muda na uandike «msimamo ulibadilika baada ya mapumziko», basi. Na kama kinasa sauti kiliachwa kikifanya kazi wakati upande mmoja ulibaki chumbani kujadiliana peke yake, sehemu hiyo isisikilizwe, na pande zote ziambiwe ipo. Mwandishi akiitumia hata kwa kuelewa tu, karatasi yake haitaaminiwa tena na yeyote.

Asilimia nazo zina msingi. «7» peke yake haisemi kama ni ya mshahara wa msingi au wa jumla pamoja na posho, wala kama ni ya mwaka mmoja au imegawanywa. Ofa ya 5% mwaka wa kwanza na 4% mwaka wa pili juu yake inafika 9.2% ya mshahara wa leo, si 9%, kwa kuwa ile 4% inahesabiwa juu ya mshahara ulioshapanda. Katika kipande chetu chama kilitaja «mshahara wa msingi» na menejimenti haikutaja. Mwandishi makini huongeza swali la pili chini ya jedwali: 7% ni ya msingi?

Uchague ipi

Kama kikao kijacho kiko ndani ya siku mbili na kila upande umeleta hoja zake kwa maandishi, jedwali la kusikiliza linatosha, ukishika kanuni ya dakika mbili na alama za vifurushi.

Kama waandishi wa pande zote wamefanya kazi pamoja kwa miaka na hakuna aliyewahi kukana karatasi ya mwenzake, madaftari yataokoa muda mwingi. Wakiwa wapya, au kama kikao kilivunjika kwa hasira, usiwakutanishe juu ya madaftari. Watakachozalisha ni kikao cha pili.

Kama mgogoro tayari umepelekwa kwa msuluhishi au kuna uwezekano huo, nukuu, lakini si lazima yote. Fanya jedwali kwanza, kisha nukuu neno kwa neno dakika tano kuzunguka kila ofa yenye sharti na kila kauli iliyokanwa. Katika kikao cha saa tatu hiyo hutoka dakika thelathini hadi arobaini za sauti ya kunukuu, kazi isiyozidi siku moja.

Kama hukuwemo chumbani kabisa na umepewa faili tu, anza kwa jedwali na uache safu ya hali ikiwa tupu penye kila «sawa» na kila msemaji usiyemtambua. Mpelekee kila msemaji mkuu orodha ya mahali hapo pamoja na muda, umwulize kitu kimoja: ulikuwa unatoa ofa? Majibu yakigongana, mstari huo unakwenda kwenye hoja zilizobaki wazi, na majibu yote mawili yanaandikwa kando yake.